Mnara wa Hanoi: Anza na Kisahani cha Chini

Mwaka 1883 kilianza kuuzwa nchini Ufaransa kiboksi kidogo cha mchezo. Ndani yake mlikuwa na ubao wenye vijiti vitatu vilivyosimama, na visahani 8 vyenye tundu katikati, kila kimoja kipana kuliko kinachokaa juu yake. Mchezo uliitwa Mnara wa Hanoi, na aliyeuleta alitajwa kuwa Profesa N. Claus wa Siam, wa chuo cha Li-Sou-Stian. Chuo hicho hakikuwapo popote duniani, wala profesa mwenyewe. Zipange upya herufi za jina lake kwa Kifaransa, utampata Lucas wa Amiens; zipange upya za chuo, utapata Saint-Louis, shule ya Paris alikofundisha Édouard Lucas, mwanahisabati aliyezaliwa Amiens mwaka 1842. Hanoi nayo ilikuwa midomoni mwa Wafaransa mwaka huo, kwa kuwa majeshi yao yalikuwa vitani Tonkin. Lucas alipenda mzaha. Fumbo alilolificha nyuma ya mzaha huo ndilo ambalo wanafunzi wa kompyuta duniani kote wanalikuta hadi leo katika masomo yao ya mwanzo.

Masharti yake yanaeleweka na mtoto wa darasa la pili. Visahani vyote vimepangwa kwenye kijiti cha kwanza, kikubwa chini, kidogo juu. Kazi ni kuuhamisha mnara mzima hadi kijiti kingine. Unahamisha kisahani kimoja kimoja, na kila mara ni kile kilicho juu kabisa ya kijiti chake. Kikubwa hakiwekwi juu ya kidogo hata kwa sekunde moja. Kijiti cha tatu kipo kwa ajili ya kusaidia, na bila hicho hakuna linalowezekana. Huhitaji kununua chochote ili kujaribu: kata miduara minne au mitano ya ukubwa tofauti kutoka kwenye boksi kuukuu, chora alama tatu mezani mahali pa vijiti, na uiandike miduara namba, 1 kwa kilicho kidogo kabisa na kuendelea.

Karibu kila anayekaa mbele ya mnara huu huanza kwa kukitazama kisahani cha juu. Ndicho kilicho huru, ndicho mkono unachokifikia, basi anauliza: nikipeleke wapi? Visahani vikiwa vitatu, swali hilo linatosha, maana kwa kubahatisha kidogo mtu hufika. Vikiwa vitano mambo hugeuka. Baada ya hatua kumi hivi mchezaji hajui tena kama anasonga mbele au anarudi nyuma, kwa sababu hali ya mezani haimwambii lolote. Visahani vimetawanyika, kila hatua inayoruhusiwa inafanana na nyingine, na mara nyingi anajikuta amerudi alikoanzia.

Swali lenye tija linaanzia chini. Kitazame kisahani kikubwa kabisa, kile kilicholaliwa na wenzake wote. Siku moja lazima kihame, kwa kuwa mnara wote unatakiwa uhame. Je, katika dakika ile ile kinapoinuliwa, meza itakuwa inaonekanaje?

Jibu halina nafasi ya kuchagua. Juu yake kisiwepo chochote, la sivyo hakiinuki. Kwenye kijiti kinakokwenda kisiwepo chochote pia, kwa sababu kila kisahani kingine ni kidogo kuliko yeye na hawezi kukaa juu ya yeyote kati yao. Basi visahani vingine vyote vimebakiwa na kijiti kimoja tu cha kukaa, kile cha tatu. Na kwa kuwa huko navyo vinatii sharti la kikubwa kuwa chini, vimejipanga kwa utaratibu ule ule mmoja unaoruhusiwa. Vimekuwa mnara tena, mnara mfupi kuliko wa awali kwa kisahani kimoja.

Hapo fumbo limekwisha kufunguka, ingawa bado hatujahamisha kitu. Tuviite vijiti A, B na C, na tuseme mnara una visahani 8 na unatoka A kwenda C. Kazi nzima ina sehemu tatu. Kwanza, uhamishe mnara wa visahani 7 vya juu kutoka A kwenda B. Pili, ukihamishe kisahani cha 8 kutoka A kwenda C, hatua moja. Tatu, uhamishe ule mnara wa visahani 7 kutoka B kwenda C, juu ya kile kikubwa.

Msomaji makini atasema amedanganywa. Aliuliza jinsi ya kuhamisha visahani 8 na ameambiwa ahamishe 7, mara mbili. Lakini 7 ni pungufu ya 8, na swali ni lile lile. Kuhamisha 7 ni kuhamisha 6, kisha cha 7, kisha 6 tena. Kuhamisha 6 ni kuhamisha 5, kisha cha 6, kisha 5 tena. Tunashuka hivyo hadi mnara wa kisahani kimoja, ambao hauhitaji akili yoyote: unakichukua na kukiweka. Ni kama fundi mkuu aliyepewa kazi ya watu wanane. Anabaki na sehemu yake moja na kumkabidhi fundi wa chini yake iliyobaki, naye anafanya vivyo hivyo kwa aliye chini yake, hadi kazi inamfikia kijana wa mwisho ambaye sehemu yake ni kubeba kitu kimoja tu. Hakuna kati yao anayehitaji kuijua kazi ya wote.

Kuna jambo moja ambalo likiachwa bila kusemwa, hoja yote inabaki na tundu. Tunaposema "hamisha vile 7 kama vile cha 8 hakipo", je, tuna ruhusa? Cha 8 kipo, kimelala pale A. Tuna ruhusa kwa sababu ni kikubwa kuliko vyote, na yeyote anaweza kukaa juu yake. Kwa wale 7, kijiti chenye kisahani cha 8 chini yake hakina tofauti na kijiti kitupu. Kisahani kile kimekuwa sehemu ya ubao. Kama tungejaribu kuanza upande mwingine, tukisema kihame kwanza kidogo kabisa kisha mnara wa vikubwa 7 ufuate, tungekwama mara moja: kijiti alichokalia yule mdogo kingekuwa kimefungwa kwa wote.

Tuone kwa visahani vitatu, kutoka A kwenda C. Sehemu ya kwanza ni mnara wa visahani viwili kwenda B: cha 1 kinakwenda C, cha 2 kinakwenda B, cha 1 kinatoka C kukaa juu yake pale B. Sasa A ina cha 3 peke yake na C iko tupu, kama tulivyotabiri. Cha 3 kinakwenda C. Kisha mnara mdogo unamfuata: cha 1 kinatoka B kwenda A, cha 2 kinatoka B kwenda C, cha 1 kinatoka A kwenda C. Hatua 7, na mnara umesimama.

Kwa visahani vinne hatuanzi upya. Tunachukua hatua zile 7 na kuzitumia mara mbili, ila majina ya vijiti yanabadilishana nafasi. Mara ya kwanza mnara wa vitatu unatakiwa ufike B badala ya C, basi kila palipoandikwa C tunasoma B, na palipoandikwa B tunasoma C: cha 1 kwenda B, cha 2 kwenda C, cha 1 kwenda C, cha 3 kwenda B, cha 1 kwenda A, cha 2 kwenda B, cha 1 kwenda B. Kisha cha 4 kinatoka A kwenda C. Kisha zile 7 tena, safari hii mwanzo ukiwa B, mwisho C, na msaidizi A: cha 1 kwenda C, cha 2 kwenda A, cha 1 kwenda A, cha 3 kwenda C, cha 1 kwenda B, cha 2 kwenda C, cha 1 kwenda C. Jumla 15. Zifuate kwa miduara yako ya boksi na utaona kwamba katika hatua ya 8, ile ya katikati kabisa, meza inaonekana sawasawa na tulivyosema lazima ionekane.

Kubadilishana huku kwa nafasi ndiko kunakowachanganya wengi. Kijiti hakina cheo cha kudumu. B ni msaidizi kwa mnara wa vinne, lakini kwa mnara wa vitatu ulio juu yake B ndiyo mwisho wa safari, na C, ambayo ni mwisho kwa mkubwa, inakuwa msaidizi. Ngazi moja chini vinageuka tena. Ukitaka kumwandikia kompyuta maagizo, jambo hili ndilo pekee la kulinda, na maagizo yenyewe hayazidi mistari michache. Haya hapa kwa lugha ya Python:

```python
def hamisha(n, kutoka, kwenda, msaada):
    if n == 0:
        return
    hamisha(n - 1, kutoka, msaada, kwenda)
    print("kisahani", n, ":", kutoka, "->", kwenda)
    hamisha(n - 1, msaada, kwenda, kutoka)

hamisha(3, "A", "C", "B")
```

Kifungu hiki kinajiita chenyewe mara mbili, kabla na baada ya kukihamisha kisahani cha chini. Mistari miwili inayoanza na `if n == 0` inasema kwamba mnara usio na kisahani hauna kazi, rudi ulikotoka. Nimepeleka kituo cha mwisho hadi sifuri badala ya moja kwa sababu inapunguza maneno: mnara wa kisahani kimoja unakuwa ni kuhamisha mnara usio na kitu, kisha kisahani, kisha mnara usio na kitu, na mambo yanakwenda sawa.

Ukisahau kituo hicho, kompyuta itakuambia haraka. Kifungu kitajiita kwa mnara wa 0, kisha wa kutoa 1, kisha wa kutoa 2, bila kufika popote, na Python ambayo kwa kawaida huruhusu takriban ngazi 1,000 za kujiita itasimama na kuandika `RecursionError: maximum recursion depth exceeded`. Kosa hilo lina kelele, hivyo halina hatari kubwa. Linaloudhi ni kosa la kimya. Tuseme katika mstari wa mwisho wa kifungu umeandika `kutoka, kwenda, msaada` badala ya `msaada, kwenda, kutoka`. Programu itafanya kazi bila kulalamika, na kwa visahani vitatu itachapa mistari 7 kamili, idadi ile ile ya jibu sahihi. Anayehesabu mistari tu atafurahi. Anayechukua miduara yake na kuifuata atagundua, katika hatua ya tatu tu, kwamba ameambiwa akitoe kisahani cha 1 kutoka A ilhali kisahani hicho kimekaa C. Idadi ya hatua inatokana na mara ngapi kifungu kimejiita. Haijui lolote kuhusu nani amekwenda wapi. Kwa hiyo jaribio la kweli ni kuzitekeleza hatua, kwa mkono au kwa programu ya pili inayoshika orodha tatu na kukataa kila hatua isiyowezekana.

Sasa tuzihesabu. Hapa wengi hudhani itahitajika hesabu mpya, kumbe zile sehemu tatu zimekwisha kutupa jibu. Gharama ya mnara ni gharama ya mnara ulio mfupi kwa kimoja, mara mbili, ongeza moja. Kisahani kimoja, hatua 1. Viwili, 1 na 1 na 1, yaani 3. Vitatu, 3 na 3 na 1, yaani 7. Vinne 15, vitano 31, sita 63, saba 127, na vinane vya boksi la Lucas 255.

Ongeza 1 kwa kila namba hapo na utaona 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256. Hiyo si bahati. Ukizidisha idadi ya hatua kwa mbili na kuongeza moja, kisha ukaongeza moja nyingine, umepata mara mbili ya "idadi ongeza moja" ya awali. Kwa maneno mengine, namba iliyoongezwa moja hujizidisha mara mbili kila kisahani kinapoongezeka, na kwa kuwa inaanzia 2, basi kwa visahani n ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara n. Ondoa ile moja uliyoikopa na kanuni ni hii:

```
hatua = 2^n - 1
```

Namba za sura hii Lucas alizijua kuliko mtu yeyote wa zama zake. Mwaka 1876, miaka saba kabla ya kiboksi, alithibitisha kwamba 2^127 − 1, namba yenye tarakimu 39, ni namba tasa, haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. Alifanya hivyo bila mashine ya hesabu ya umeme, kwa njia aliyoibuni mwenyewe, na namba hiyo ilishika nafasi ya namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana kwa takriban miaka 75. Ni vigumu kuamini kwamba mtu huyo alitunga mchezo ambao hatua zake ni 2^n − 1 bila kutabasamu.

Lakini tulichokihesabu ni gharama ya njia yetu. Nani amesema hakuna mjanja anayeweza kumaliza mnara wa boksi kwa hatua 200? Watu wengi hulipita swali hili, nami naona ndilo tamu kuliko yote, kwa sababu linajibiwa na dakika ile ile tuliyoitazama mwanzo. Mchezaji awe mjanja kiasi gani, lazima kisahani cha 8 kihame angalau mara moja. Kabla hakijahama kwa mara ya kwanza, vile 7 lazima viwe vimekusanyika kwenye kijiti kimoja, na kazi hiyo haiwezi kugharimu pungufu ya gharama ndogo kabisa ya mnara wa 7. Baada ya kuhama kwa mara ya mwisho, vile 7 viko tena pamoja kwenye kijiti kimoja kisicho cha mwisho wa safari, na lazima vihame vyote kwenda juu yake, gharama ile ile tena. Katikati kuna angalau hatua moja ya cha 8 chenyewe. Mchezaji akikizungusha kikubwa kupitia kijiti kingine kwanza, anajiongezea tu. Basi gharama ndogo kabisa ya 8 haiwezi kuwa chini ya mara mbili ya gharama ndogo kabisa ya 7, ongeza moja. Hoja hiyo hiyo inashuka hadi kisahani kimoja, na sakafu tunayoikuta ni 255, sawasawa na njia yetu. Hakuna wa 254.

Kiboksi kilikuja pia na hadithi, na mwaka 1884 mwandishi wa sayansi Henri de Parville aliipamba zaidi. Katika hekalu la Benares nchini India, anasimulia, kuna sindano tatu za almasi, na juu ya moja yao Mungu aliweka visahani 64 vya dhahabu wakati wa kuumba dunia. Makuhani huvihamisha usiku na mchana kwa masharti tunayoyajua, na siku mnara utakapokamilika, dunia itakwisha. Hekalu hilo ni la kubuni. Namba yake si ya kubuni: 2^64 − 1 ni 18,446,744,073,709,551,615.

Namba ya tarakimu 20 haimwambii mtu kitu, basi tuifikie kwa kupanda. Kwa hatua moja kila sekunde, bila kupumzika, boksi la visahani 8 linamalizika kwa dakika 4 na sekunde 15. Visahani 20 vinahitaji siku 12 hivi. Visahani 30, miaka 34: mtu akianza akiwa kijana anamaliza akiwa na wajukuu. Visahani 64 vinahitaji takriban miaka bilioni 585, ambayo ni zaidi ya mara 40 ya umri wa ulimwengu kama wanavyoukadiria wanaanga. Mpe kazi hiyo kompyuta inayohamisha visahani bilioni moja kwa sekunde na bado itachukua miaka 585.

Cha ajabu ni kwamba kompyuta hiyo haitakosa nafasi ya kumbukumbu. Ile mistari michache ya maagizo haibadiliki kwa mnara wa 64, na wakati wowote ule kazi zilizoanzwa na kusubiri kumaliziwa hazizidi 65: mnara wa 64 unausubiri wa 63, nao unausubiri wa 62, hadi chini. Kila kazi ndogo ikiisha inafutwa, nafasi yake inatumiwa na inayofuata. Kinachokwisha hapa ni muda peke yake. Ndiyo maana walimu wanaupenda mfano huu: maelezo mafupi, kumbukumbu ndogo, na kazi isiyokwisha, vyote katika kifungu kimoja.

Kwa anayetaka kucheza kwa mikono bila kushika kichwani kazi zinazosubiri, utaratibu ule ule una sura nyepesi. Ziangalie tena hatua 15 za visahani vinne na usome namba za visahani peke yake: 1, 2, 1, 3, 1, 2, 1, 4, 1, 2, 1, 3, 1, 2, 1. Kisahani cha 1 kinahama kila baada ya hatua moja. Kinapopumzika, huna la kuchagua, kwa kuwa kati ya vijiti viwili ambavyo hakipo kuna hatua moja tu inayoruhusiwa. Nacho chenyewe huzunguka upande mmoja daima, ama A, B, C na kurudi A, ama kinyume chake. Basi mchezo mzima unabakiwa na uamuzi mmoja, ule wa hatua ya kwanza kabisa: kidogo kiende wapi?

Jibu linatoka kwenye yale majina yanayobadilishana. Mnara wa n unakwenda C, wa chini yake kwa kimoja unakwenda B, unaofuata C, unaofuata B, hadi kisahani cha 1. Kwa hiyo visahani vikiwa witiri, hatua ya kwanza inakwenda moja kwa moja kwenye kijiti unachokitaka; vikiwa shufwa, inakwenda kwenye kijiti kile kingine. Ukikosea hapa hutakwama, na hiyo ndiyo hila yake. Utafanya kila kitu sawasawa, hatua 255 bila doa, na mnara utasimama vizuri kabisa kwenye kijiti ambacho hukukitaka.

Unaweza hata kuruka katikati ya safari. Katika boksi la visahani 8, ni kisahani gani kinahama hatua ya 100? Gawanya 100 kwa 2 mpaka ikatae: 50, 25, basi. Imekubali mara mbili. Ongeza moja, ni kisahani cha 3. Hatua ya 128 inakubali mara saba, nayo ni ya kisahani cha 8, hatua yake pekee katika mchezo wote.

Na je, wakiongezewa kijiti cha nne? Mwingereza Henry Dudeney, mtunga mafumbo, aliliuliza hilo katika kitabu chake cha mwaka 1907, akiweka jibini juu ya vigoda vinne. Visahani 8 vinashuka kutoka hatua 255 hadi 33. Vile 64 vya hadithi vinashuka hadi 18,433, yaani makuhani wakianza saa 12 asubuhi wanamaliza saa 5 na dakika 7, kabla ya chakula cha mchana.

Njia ya kuvihamisha ilielezwa mwaka 1941 na watu wawili, J. S. Frame na B. M. Stewart, kila mmoja kwa upande wake: peleka kundi la vidogo kwenye kijiti kimoja kwa kutumia vijiti vyote vinne, hamisha vikubwa vilivyobaki kwa kutumia vitatu, kisha ukusanye vidogo juu yao. Kilichowashinda ni kuthibitisha kwamba hakuna njia fupi zaidi, na sababu tunaijua. Kikubwa kabisa kinapoinuliwa, safari hii wenzake wana vijiti viwili vya kukaa, na wanaweza kugawana vijiti hivyo kwa namna nyingi mno. Meza haina tena sura moja ya lazima. Ilimchukua Mfaransa Thierry Bousch hadi mwaka 2014 kuchapisha uthibitisho kwamba kwa vijiti vinne njia hiyo ndiyo fupi kuliko zote. Kwa vijiti vitano hadi leo kuna njia ambayo hakuna aliyeweza kuipita, na hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba haipitiki.